Friza ikizima Jumamosi usiku: waranti inamuuzia mteja kitu gani?

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya jiji la Arusha, kuanzia mitaa inayozunguka Soko Kuu hadi upande wa Kilombero, karibu kila friza iliyosimamishwa mlangoni imebandikwa karatasi ya waranti: mwaka mmoja, miaka miwili, na kwa baadhi ya chapa miaka kumi kwa upande wa kompresa. Muuzaji huamini kwamba kadiri miaka inavyokuwa mingi ndivyo mteja atakavyotulia na kutoa fedha. Ukikaa dukani ukasikiliza mazungumzo, hata hivyo, utagundua kwamba miaka hiyo haimtulizi mteja kama inavyodhaniwa, kwa sababu jambo analoliogopa mara nyingi halimo kwenye karatasi ile.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza samaki wa kugandisha pale Kijenge. Anataka friza ya lita 300 inayouzwa shilingi 850,000, na ikishafika nyumbani ataijaza kilo 60 za sato. Tuseme kila kilo ameinunua kwa shilingi 9,000. Maana yake ndani ya friza kutakuwa na mtaji wa shilingi 540,000, yaani zaidi ya nusu ya bei ya friza yenyewe. Muuzaji anamwambia, "Mama, hii ina waranti ya miaka miwili, usiwe na wasiwasi." Naye anajibu, "Sawa kaka, lakini ikizima Jumamosi usiku na samaki wangu wako ndani, nani anakuja?"

Jibu la kawaida ni kwamba aje na risiti Jumatatu, friza ipelekwe kwa wakala, fundi aiangalie, na kama kuna kipuri kinachokosekana kisubiriwe kutoka Dar es Salaam. Kwa mujibu wa karatasi, muuzaji hajakosea chochote: friza itatengenezwa bila malipo. Kwa mama huyu, hata hivyo, waranti hiyo imeokoa pengine shilingi 80,000 za matengenezo na kuacha shilingi 540,000 za samaki zioze, pamoja na wiki mbili za kukosa biashara. Karibu waranti zote za friza zinatamka wazi kwamba hazihusiki na vitu vilivyohifadhiwa ndani. Hofu yake kubwa ni siku za kusubiri, na siku za kusubiri hazipunguzwi kwa kuongeza miaka kwenye karatasi.

Hapo ndipo tofauti kati ya haki ya kurudisha, waranti na huduma baada ya mauzo inapoanza kuonekana. Watu huzitaja kama kitu kimoja, ilhali kila moja inatuliza hofu ya wakati wake, na wakati huo unategemea jinsi friza inavyoharibika.

Kifaa cha aina hii hakiharibiki kwa kasi ileile katika maisha yake yote. Kasoro za kiwandani hujitokeza mapema, katika wiki na miezi ya mwanzo: kiungo cha bomba ambacho hakikuchomelewa sawasawa kinavuja gesi, themostati haikati, au rilei inayosaidia kompresa kuanza inakwama. Friza iliyovuka kipindi hicho kwa kawaida hutulia kwa miaka kadhaa, mpaka uchakavu uanze kubisha hodi kupitia mpira wa mlango, feni kwa zile zenye feni, na hatimaye kompresa. Kwa hiyo haki ya kurudisha au kubadilishiwa inashughulika na kile kipindi cha mwanzo, na ili iwe na maana ni lazima iwe ndefu kiasi cha kuiwezesha kasoro kujionyesha.

Duka linalotoa siku tatu za kurudisha linajidanganya au linamdanganya mteja. Dukani friza huchomekwa kwenye umeme, taa ya kijani inawaka, mlio wa kompresa unasikika, ubaridi kidogo unahisiwa kwa kiganja, na mteja anaambiwa imejaribiwa. Jaribio hilo haliwezi kuonyesha gesi inayovuja polepole. Dalili zake huonekana friza ikiwa imebeba mzigo: barafu inashika sehemu moja tu ya kuta badala ya kuenea kote, kompresa inanguruma mchana na usiku bila kupumzika, na samaki wa juu hawagandi hata baada ya siku mbili. Mteja mwenyewe huenda akaijaza friza baada ya wiki nzima, akisubiri mzigo ufike kutoka Mwanza. Siku 14 ni muda wa chini ambao ningeuona kuwa wa haki kwa kifaa hiki, na kwa muuzaji hazina gharama kubwa kupita saba, kwa sababu idadi ya friza mbovu ni ileile. Kinachobadilika ni kama mteja ataigundua kasoro ndani ya muda huo au nje yake, akiwa na hasira.

Waranti inayofuata baada ya hapo husomwa vibaya zaidi kuliko kitu kingine chochote dukani. Ile miaka kumi ya kompresa, kwa mfano, kwa kawaida inahusu kompresa peke yake kama kipuri. Kuitoa ya zamani, kuchomelea mpya, kubadilisha kichujio, kuvuta hewa kwa pampu na kujaza gesi upya ni kazi ambayo mara nyingi mteja huilipia mwenyewe baada ya mwaka wa kwanza, na hali kadhalika usafiri wa friza kwenda na kurudi. Muuzaji mwerevu angemweleza mteja hivyo kabla hajalipa. Wengi hawasemi kwa kuogopa kuharibu biashara, kisha biashara inaharibika miaka minne baadaye mbele ya wateja wengine watano waliokuwa wakisubiri dukani.

Jambo gumu zaidi, hata hivyo, ni umeme. Karibu kila kadi ya waranti ina mstari unaosema kwamba madhara yatokanayo na umeme kupanda na kushuka hayahusiki. Mstari huo unaonekana wa haki, kwani kiwanda hakiwezi kuwajibika kwa nyaya za mtaani. Tatizo ni kwamba kwa mnunuzi wa Sakina au Kwa Mrombo, umeme ndicho kitu cha kwanza anachokihofia, kwa hiyo waranti imekitoa nje kile hasa alichotaka kulindwa nacho.

Inafaa kueleza kompresa inavyoungua, kwa sababu ugomvi mwingi wa waranti unazaliwa hapo. Umeme wetu wa majumbani unatakiwa kuwa volti 230. Ukishuka sana, ule ambao watu huuita umeme mdogo, mota ya kompresa inajaribu kuanza inashindwa, na katika kushindwa huko inavuta mkondo mkubwa unaopasha moto koili zake. Kuna kikata joto kidogo kinachokatiza kwa muda, kisha kinaruhusu tena, na mchezo huo ukirudiwa usiku kucha koili huungua. Hatari ya pili ni umeme kukatika na kurudi baada ya sekunde chache: shinikizo la gesi ndani ya mabomba bado halijasawazika, hivyo kompresa inalazimika kuanza ikiwa imebebeshwa mzigo. Ndiyo sababu kifaa ambacho mafundi wanakiita friji gadi husubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme uingie.

Fundi akija na mita yake anapima koili; zikiwa zimekatika au zimegusana na mwili wa kompresa, anaandika kwamba kompresa imeungua. Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi ni nani aliyeiunguza. Kompresa hupozwa kwa sehemu na gesi ile ile inayorudi kutoka kwenye mabomba, kwa hiyo friza iliyokuwa ikivuja gesi kwa kasoro ya kiwandani inaweza kuishia na kompresa iliyoungua ambayo kwa mita inafanana na ile iliyounguzwa na umeme mdogo. Fundi mwaminifu atatafuta alama ya mafuta kwenye viungo vya mabomba, kwa kuwa gesi inapovuja hutoka na mafuta kidogo. Asiye mwaminifu, au aliyetumwa na duka lisilotaka kulipa, ataandika "umeme" na kuondoka. Mteja hana namna ya kumpinga, na ndiyo maana wateja wengi waliowahi kupita njia hiyo hawaithamini tena karatasi yoyote.

Duka linaloelewa jambo hili hugeuza mstari huo kuwa chombo cha kuuzia. Badala ya kuuza friza na kuacha friji gadi kama bidhaa ya hiari, linaiweka ndani ya bei, fundi wa duka anakwenda kuifunga mwenyewe, na kadi inaandikwa hivi: madhara ya umeme yanahusika mradi friza imechomekwa kupitia friji gadi tuliyoifunga sisi. Muuzaji amepunguza uwezekano wa kompresa kuungua, na wakati huohuo ameondoa ubishi wa nani aliyeiunguza. Safari hiyo ya fundi inazuia pia ajali nyingine ya kawaida. Friza nyingi husafirishwa kwa kirikuu au guta, na wakati mwingine hulazwa ubavu ili mzigo uenee. Ikilazwa, mafuta ya kompresa hutiririka kuingia kwenye mabomba, na mteja mwenye haraka akiichomeka papo hapo kompresa inazunguka bila mafuta ya kutosha. Inapaswa kusimamishwa wima kwa saa kadhaa kwanza. Maelezo hayo yako kwenye kijitabu ambacho hakuna anayekisoma. Fundi aliyepo pale husema kwa mdomo, na yanashika.

Sasa turudi kwenye swali la nani anakuja. Friza iliyojaa vitu vilivyoganda, ikizima na kifuniko kisifunguliwe, inaweza kuvihifadhi vikiwa vimeganda kwa takriban saa 48. Ikiwa nusu tu, takriban saa 24. Takwimu hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza ahadi ya huduma. Duka likiahidi kwamba fundi atafika ndani ya saa 24 tangu kupigiwa simu, Jumapili ikiwemo, na kwamba ikishindikana kutengenezwa papo hapo mteja ataachiwa friza ya akiba hadi yake irudi, basi samaki wana nafasi nzuri ya kupona. Ahadi ya siku tatu haina thamani kwa mama huyu, hata ikiambatana na waranti ya miaka ishirini.

Wenye maduka husikia hivyo wakashika kichwa: friza ya akiba, fundi wa Jumapili, nani atalipa? Hesabu yenyewe si ngumu, na nitatumia namba za mfano ambazo kila mwenye duka anaweza kuzibadilisha kwa zake. Tuseme duka linauza friza 100 kwa mwaka na faida yake ni shilingi 85,000 kwa kila moja. Mbili kati ya hizo zinarudi ndani ya siku 14, na kila iliyorudi inaligharimu duka shilingi 170,000, yaani usafiri pamoja na hasara ya kuiuza tena kama iliyotengenezwa: jumla 340,000. Nyingine nne zinahitaji matengenezo ya kweli kwa vipuri vya wastani wa shilingi 70,000, ambazo ni 280,000. Fundi anaitwa mara kumi, kwa sababu mbali na zile nne kuna simu sita za bure ambazo akifika anakuta plagi imelegea au themostati imewekwa kwenye namba ya chini. Kwa shilingi 25,000 kila safari, ni 250,000. Friza mbili za akiba zenye thamani ya 1,700,000 zikidumu miaka mitano zinakula 340,000 kwa mwaka. Ukijumlisha unapata shilingi 1,210,000, sawa na shilingi 12,100 kwa kila friza iliyouzwa. Gharama ya friji gadi sijaiweka hapo, kwa kuwa inaingia wazi kwenye bei.

Linganisha na kile kinachotokea kila siku kaunta. Mteja mwenye wasiwasi huomba apunguziwe, na muuzaji humpunguzia shilingi 30,000 bila kufikiri mara mbili. Punguzo hilo kwa kiasi fulani ni bei ya hofu: mteja anajilipa mapema kwa matatizo anayoyategemea. Muuzaji mwenye ahadi inayoaminika anaweza kubaki na bei yake, akatumia 12,100 mahali ambapo mwenzake anatoa 30,000.

Neno "inayoaminika" ndilo linalobeba mzigo wote. Mwanauchumi George Akerlof alieleza mwaka 1970, akitumia mfano wa magari yaliyotumika, kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha bidhaa nzuri na mbovu hulipa bei ya wastani kwa zote, na hivyo wenye bidhaa nzuri huona haiwalipi kuendelea kuuza. Waranti ilikuwa miongoni mwa tiba alizozitaja, na mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya aina hiyo. Waranti inaweza kutibu kwa sababu gharama yake si sawa kwa wote. Chukua hesabu ile ile, ila sasa duka linauza friza dhaifu: 15 zinarudi, 25 zinahitaji matengenezo, fundi anaitwa mara 35, na friza za akiba inabidi ziwe tano. Gharama inapanda hadi shilingi 6,025,000 kwa mwaka, yaani 60,250 kwa kila friza, na faida ya 85,000 imebaki mifupa. Mwenye bidhaa mbovu hawezi kuiga ahadi hiyo na kuitekeleza.

Anaweza, hata hivyo, kuiga maneno. Kuandika "waranti miaka 5" kwenye karatasi hakugharimu kitu kwa mtu anayejua kwamba baada ya mwaka atakuwa amebadilisha fremu na namba ya simu. Mnunuzi anayetaka kujua tofauti aangalie mambo yanayogharimu fedha leo: je, kadi ina jina na muhuri wa duka lenyewe, au inamwelekeza kwa wakala asiyejulikana alipo? Je, namba ya utambulisho ya friza imeandikwa kwenye kadi na kwenye risiti ya EFD? Je, friza ya akiba inaonekana kwa macho? Namba ya huduma ipigwe palepale, ikiwezekana siku moja kabla ya kununua na baada ya saa za kazi. Kama haipokelewi kabla hujalipa, usitarajie ipokelewe baadaye.

Wauzaji nao wana hofu yao, na si ya kubuni. Mkoani Kilimanjaro na hapa Arusha, Desemba ni mwezi wa familia kurudi nyumbani, harusi, ubatizo na kipaimara. Duka lenye masharti legevu ya kurudisha litauza friza nyingi tarehe 20 Desemba na kuzipokea nyingi kati ya hizo wiki ya kwanza ya Januari, zikinuka bia na nyama. Dawa yake ni kutenganisha sababu mbili za kurudisha: friza yenye kasoro inabadilishwa bila makato ndani ya siku 14, na aliyebadili mawazo anaweza kuirudisha ikiwa bado haijatumika, kwa makato yaliyoandikwa wazi. Sharti jingine la lazima ni kwamba mfumo wa gesi usiwe umefunguliwa na fundi wa mtaani. Friza nyingi za sasa zinatumia gesi ya R600a, ambayo inashika moto na hupimwa kwa gramu kwenye mizani. Akija mtu na mtungi wa gesi nyingine akajaza kwa kukisia, hakuna tena anayeweza kusema kasoro ya mwanzo ilikuwa ipi.

Kuhusu lile bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", wenye maduka wanalipatia uzito mkubwa kuliko linavyostahili. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inachukulia kwamba anayeuza bidhaa za aina fulani kama kazi yake ameuza kitu chenye ubora wa kuuzika, isipokuwa kwa kasoro ambazo mnunuzi aliyeikagua bidhaa alipaswa kuziona. Gesi inayovuja ndani ya ukuta wa friza haionekani kwa ukaguzi wa dukani. Mzigo wa friza iliyouzwa ikiwa mbovu kwa hiyo upo begani mwa muuzaji kwa kuanzia, na bango linachofanya kwa uhakika ni kumwambia mteja mwenye wasiwasi kwamba wasiwasi wake ni wa kweli.

Kinachobaki ni umbali, na hapa ahadi nyingi nzuri hufia. Safari ya fundi kwenda Kijenge kwa shilingi 25,000 inawezekana. Kwenda Karatu na kurudi ni siku nzima, na safari tatu za bure zinamaliza faida ya friza zaidi ya moja. Duka lisiahidi saa 24 kwa kila mteja kwa sababu tu linaogopa kumpoteza wa mbali. Mpaka uandikwe kwenye kadi: kwa mfano, fundi ndani ya saa 24 kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, na kwa walio nje ya hapo fundi mmoja anayejulikana katika mji wao, aliyeonyeshwa friji gadi inavyofungwa, anayelipwa na duka kwa kila kazi baada ya kutuma picha ya kipimo cha mita na namba ya friza. Mahali ambapo fundi wa namna hiyo hajapatikana, mteja aelezwe hivyo kabla hajatoa fedha, na apewe lile punguzo la 30,000, kwa kuwa hofu yake haijapungua.